Sarufi Moja, Kalamu Mbili

Muuza dawa wa Delhi na mwenzake wa Lahore wanaweza kumwelekeza mgonjwa kwa sentensi ileile, bila kubadilisha hata silabi: "yeh dawa subah khali pet lijiye." Maana yake ni kwamba dawa hii inywe asubuhi, tumbo likiwa tupu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa neno "dawa", na "subah" nalo si mgeni kwake. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu. Huku pwani yalikuja kwa jahazi, kule Bara Hindi yalifika kwa mlango wa Uajemi. Wa Delhi atasema hicho ni Kihindi, wa Lahore atasema ni Kiurdu, na hakuna kati yao atakayekuwa amekosea.

Sasa ifunguliwe ile karatasi iliyokunjwa ndani ya kiboksi cha dawa. Iliyoandikwa kwa Kihindi sanifu itasema: "yadi aap ko madhumeh ya uchch raktachap hai, to prayog se pehle chikitsak se paramarsh karen." Ya Kiurdu sanifu itasema: "agar aap ko ziyabitis ya buland fishar-e-khun hai, to istemal se pehle mualij se mashwara karen." Zote zinaonya jambo lilelile: ukiwa na kisukari au shinikizo la damu, pata ushauri wa daktari kabla ya kuitumia dawa. Ukiziweka sambamba na kufuta kila kinachotofautiana, kinachobaki ni "aap ko", "ya", "hai", "to", "se pehle", "se" na "karen". Hayo ndiyo maneno madogo yanayoonyesha nani, wapi, kabla ya nini, na kama tendo ni ombi au amri. Mifupa ni ileile. Nomino zote zimebadilika.

Ajabu ya pili ni kwamba mgonjwa mwenyewe, awe wa Delhi au wa Lahore, huenda asiwe na habari na nomino hizo za pande zote mbili. "Madhumeh" limeundwa kwa Kisanskriti, likiunganisha asali na mkojo. "Ziyabitis" ni neno la Kiyunani lililopita kwa Waarabu. Nyumbani watu husema "shugar", na shinikizo la damu huitwa "bi-pi", herufi mbili za Kiingereza. Mfasiri anayeandikia wagonjwa, si wakaguzi, ataandika kitu kama "agar aap ko shugar ya bi-pi hai, to pehle daktar se puchh lijiye", yaani muulize daktari kwanza. Sentensi hiyo itaeleweka pande zote mbili za mpaka. Lakini mara nyingi hairuhusiwi kuchapishwa, kwa sababu mkaguzi wa Kihindi ataiona ya mtaani, na wa Kiurdu ataona haikusoma. Kazi ya mfasiri wa lugha hizi hukaa hapo: kati ya sentensi inayoeleweka na sentensi inayopewa muhuri.

Undugu wa sarufi si wa juujuu. Lugha zote mbili zimejengwa juu ya lahaja moja, Khari Boli, ya Delhi na wilaya za kaskazini mashariki yake kuelekea Meerut. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Kila nomino ni ya kiume au ya kike, hata meza na kiti. Kuna "tu", "tum" na "aap", ngazi tatu za kumwita mtu mmoja, na mfasiri anayetoka kwenye Kiswahili, ambacho kina "wewe" moja tu na kuacha heshima ibebwe na shikamoo na majina ya undugu, hana budi kuamua mapema nani anamwambia nani. Tena kuna kineno "ne", ambacho huwatoa jasho wanafunzi wote. Mtu akisema "larke ne kitab parhi", mvulana alisoma kitabu, kitenzi hakimfuati mvulana bali kinakifuata kitabu, na kwa kuwa "kitab" ni ya kike, kitenzi nacho huvaa umbo la kike. Kanuni hiyo haina Kihindi wala Kiurdu. Ni moja, na makosa yake ni mamoja.

Ndiyo maana wasimamizi wengi wa kazi hudhani kwamba kutoa andiko upande mmoja kwenda mwingine ni suala la kubadilisha maneno magumu tu, kama fundi anayebadilisha balbu. Neno "intizar", kusubiri, litolewe, "pratiksha" liingizwe. Lakini "intizar" ni ya kiume na "pratiksha" ni ya kike. Kiurdu husema "main ne aap ka intizar kiya", nilikusubiri. Ukiweka "pratiksha" na kuacha mengine yalivyo, sentensi inavunjika: "ka" lazima iwe "ki", na "kiya" nayo lazima iwe "ki", na unapata "main ne aap ki pratiksha ki". Maisha kwa Kiurdu ni "zindagi", ya kike. "Jivan" la Kihindi ni la kiume, kwa hiyo "meri" inageuka "mera", na kila kivumishi kinachoyasifu maisha hayo hadi mwisho wa aya hugeuka pamoja nayo. Kazi iliyofanywa kwa kubadilisha maneno peke yake hujulikana mara moja: nomino zinasomeka vizuri, ila viunganishi na vitenzi vinagombana nazo. Mhariri mwenye jicho haanzi na msamiati. Hukagua "ka" na "ki" kwanza.

Kutengana kwenyewe kuna tarehe. Mwaka 1800 Waingereza walianzisha Chuo cha Fort William huko Kalkata ili maofisa wao wajifunze lugha za nchi, na chini ya Mskoti John Gilchrist waandishi wa huko waliajiriwa watunge vitabu vya kusomea. Mir Amman aliandika "Bagh o Bahar" kwa lugha ya Delhi, yenye maneno ya Kiajemi na Kiarabu kama yalivyotumika mjini. Lallu Lal aliandika "Prem Sagar", habari za Krishna, akiyakwepa maneno hayo kwa makusudi na kutumia hati ya Devanagari. Chuo kimoja, sarufi moja, rafu mbili za vitabu. Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 19, mshairi Insha Allah Khan alijaribu jambo la tatu: alitunga kisa cha malkia Ketaki bila kutumia neno la Kiajemi, la Kiarabu, wala la Kisanskriti cha wasomi. Alifaulu. Ila ni kisa cha mapenzi na uchawi. Hakikuhitaji kueleza kodi ya ardhi wala rufaa ya mahakama, na nomino za mambo hayo ndizo zilizogombewa baadaye.

Mwaka 1837 serikali ya Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilikiondoa Kiajemi katika mahakama, na katika majimbo ya kaskazini nafasi yake ikashikwa na Kiurdu kwa hati ya Kiajemi. Anayejua hati hiyo alipata ukarani, asiyeijua alikosa. Ugomvi wa lugha ulioendelea karne nzima ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa mishahara. Mwaka 1900 gavana Antony MacDonnell aliruhusu Devanagari itumike mahakamani katika majimbo hayo, na kila kambi ikazidi kujitenga. Baada ya kugawanyika kwa nchi, Katiba ya India iliyoanza kutumika 1950 ilikitaja Kihindi kwa hati ya Devanagari kuwa lugha rasmi ya serikali kuu, na ibara ya 351 ikaelekeza kwamba maneno yake mapya yachotwe kwanza kutoka Kisanskriti. Pakistan ilikifanya Kiurdu lugha ya taifa. Tangu hapo kila upande una viwanda vyake vya maneno: India iliunda tume ya istilahi za sayansi mwaka 1961, na Pakistan ikaanzisha mamlaka ya lugha ya taifa mwaka 1979. Kabla ya zote hizo, Chuo Kikuu cha Osmania cha Haidarabad, kilichofundisha kwa Kiurdu tangu 1918, kilikuwa na ofisi nzima ya kufasiri vitabu vya masomo, ambayo iliitwa Dar-ut-Tarjuma, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa madrasa ya Lamu angelielewa bila kufundishwa.

Kwa hiyo mtangazaji wa redio wa leo husoma habari moja kwa sauti mbili. Delhi: "Pradhan mantri ne kaha ki sarkar shiksha aur swasthya par vishesh dhyan degi." Islamabad: "Wazir-e-azam ne kaha ke hukumat talim aur sehat par khususi tawajjoh degi." Waziri mkuu amesema serikali itatilia mkazo wa pekee elimu na afya. Msikilizaji wa Zanzibar atashtuka kugundua kwamba sentensi ya pili ameielewa nusu nzima: waziri, hukumu, taalimu, siha, hususi. Ya kwanza haimwambii kitu.

Kushtuka huko kuna hatari yake, na mfasiri wa Kiswahili anayeingia kwenye lugha hizi kwa mlango wa Kiurdu huipata mapema. "Gharib" ni maskini, si mgeni. Mtu akisema "fursat nahin", hajalalamika kwamba amenyimwa fursa. Anasema hana nafasi, ana shughuli. Maneno haya yamekaa Uajemi na Uhindini karne nyingi kabla hayajakutana na ya kwetu, na huko yamezeeka kwa namna yake.

Kuhusu hati, watu husema kwa wepesi kwamba ni nguo tu, lugha ni mwili. Anayesema hivyo hajawahi kusahihisha andiko lililohamishwa na mashine kutoka hati moja kwenda nyingine. Devanagari huenda kutoka kushoto, na irabu zake huonekana karibu zote. Kiurdu huandikwa kutoka kulia kwa mtindo wa nastaliki, unaoteremka kwa mshazari, na irabu fupi kwa kawaida haziandikwi. Msomaji huzijaza mwenyewe kwa kuijua lugha. Chukua swali la maneno manne: "us ne kya kiya?" Alifanya nini? Kwa Kiurdu, "kya" (nini) na "kiya" (alifanya) huandikwa kwa herufi zilezile tatu, kafu, ye na alifu, kwa hiyo ukurasani neno moja linaonekana limeandikwa mara mbili. Zaidi ya hapo, "us" (yule) na "is" (huyu) nayo yana umbo moja. Mzaliwa wa Karachi hasiti hata kidogo. Macho yake yanasoma sentensi nzima, si neno. Programu ya kuhamisha herufi husita, au mbaya zaidi, haisiti. Huamua kwamba ni "is", na ushahidi wa mahakamani uliomhusu yule sasa unamhusu huyu. Hali ni hiyo kwa "main", yaani mimi, na "mein", yaani ndani ya, ambayo kwa Devanagari hutofautiana kwa kijistari kimoja juu ya herufi na kwa Kiurdu hayatofautiani kabisa.

Kurudi upande wa pili kuna tatizo la kinyume. Kiurdu kimehifadhi tahajia za Kiarabu ingawa matamshi yake yamelainika: kuna herufi nne za kawaida zinazotamkwa "z", tatu zinazotamkwa "s". "Nazar", kutazama, ina herufi yake ya z. "Nazr", sadaka au kitu kilichowekwa wakfu, ina nyingine. Kiswahili kimeyapokea yote mawili kwa "dh", nadhari na nadhiri, na kinayatofautisha kwa irabu. Devanagari ina herufi moja tu kwa sauti hiyo, nayo ni "j" iliyotiwa nukta chini. Anayetaka kulirudisha neno kwenye Kiurdu lazima ajue lilitoka kwenye herufi ipi kati ya nne, na hilo halimo ukurasani. Nukta yenyewe huachwa mara nyingi katika magazeti ya Kihindi, na "zamana", zamani zetu, linasomeka "jamana". Wako wasomaji wa Lakhnau ambao gazeti la namna hiyo hawalimalizi.

Ufundi wa kuchapa nao ulichelewesha mambo. Nastaliki haitaki kukaa kwenye mstari mnyoofu, na kila herufi hubadilika kwa kumtazama jirani yake, kwa hiyo magazeti ya Kiurdu yaliendelea kuandikwa kwa mkono na makatibu na kuchapwa kutoka kwenye karatasi zao hadi gazeti la Jang la Lahore lilipoanza kutumia hati ya kompyuta mwaka 1981. Hata leo mfasiri anayepeleka kazi ya Kiurdu kwa mpangaji kurasa asiyeijua hati hufanya vyema kuomba aione baada ya kupangwa. Herufi zinaweza kuachana na kusimama moja moja, nambari zikaruka upande usio wake, na aliyepanga asione tatizo lolote.

Mtu aliyeishi ndani ya jambo hili kuliko mwingine yeyote ni Premchand. Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Lamhi karibu na Banaras, jina lake Dhanpat Rai, akasomeshwa Kiajemi na Kiurdu kama watoto wengi wa makarani wa kabila lake, Wakayastha. Alianza kuandika kwa Kiurdu. Mkusanyiko wake "Soz-e-Watan" wa mwaka 1908 uliwaudhi Waingereza, nakala zikachomwa, na ndipo akalichukua jina la Premchand. Kadiri miaka ilivyokwenda alihamia Kihindi, ambako wachapaji na wasomaji walikuwa wanaongezeka, lakini Kiurdu hakukiacha. Kazi zake nyingi zina matoleo mawili, na yeye mwenyewe ana mkono katika yote mawili.

Riwaya yake ya kwanza kubwa aliiandika kwa Kiurdu na kuiita "Bazar-e-Husn", Soko la Uzuri. Ilitoka kwanza kwa Kihindi, mwishoni mwa miaka ya 1910, ikiitwa "Sevasadan", Nyumba ya Huduma. Toleo la Kiurdu lilifuata miaka kadhaa baadaye. Ni riwaya ileile ya Suman, mke anayefukuzwa nyumbani na kuangukia mtaa wa makahaba waimbaji, kisha akaishia kulea mabinti katika nyumba ya hifadhi. Jina la Kiurdu linamsimamisha msomaji mtaani, kwenye roshani na taa. La Kihindi linampeleka moja kwa moja kwenye sura za mwisho, kwenye toba na utumishi. Hakuna neno gumu lililofasiriwa hapo. Kilichobadilika ni hadhira: msomaji wa Kiurdu wa mjini alikuwa na fasihi nzima ya mtaa huo kichwani, na msomaji mpya wa Kihindi alikuwa anaandaliwa fasihi ya mageuzi ya jamii.

Mwaka 1924 alitoa hadithi ya mabwana wawili wa Lakhnau wanaocheza sataranji huku ufalme wao ukimezwa na Waingereza. Kihindi kinawataja watu, "Shatranj ke Khilari", Wachezaji wa Sataranji. Kiurdu kinautaja mchezo, "Shatranj ki Bazi". Matoleo hayo hayafanani neno kwa neno. Satyajit Ray alipoifanya filamu mwaka 1977, yeye ambaye lugha yake ni Kibangla, aliwaomba Shama Zaidi na Javed Siddiqui wamwandikie mazungumzo kwa Kiurdu, kwa maana mabwana wa Lakhnau wa mwaka 1856 wakisema Kihindi cha redio, filamu nzima inageuka kichekesho.

Kisha ipo "Kafan". Ilitoka kwa Kiurdu mwishoni mwa 1935 katika jarida la Jamia, na kwa Kihindi mwaka uliofuata katika Chand, miezi michache kabla mwandishi hajafariki. Baba na mwana, Ghisu na Madhav, watu wa tabaka la chini kabisa, wanaomba fedha za kumnunulia sanda mke wa Madhav aliyekufa akijifungua, kisha wanazinywea pombe. Neno "kafan" ni la Kiarabu, na marehemu ni Mhindu. Mwandishi wa Kihindi mwenye bidii ya usafi angelitafuta neno la Kisanskriti. Premchand hakulitafuta, kwa sababu kijijini hakuna anayelitumia. Mhindu na Mwislamu wote humnunulia maiti "kafan" kwa muuza nguo yuleyule. Mahali pengine katika Kihindi chake anapanda hadi kwenye Kisanskriti, pengine anashuka hadi kwenye usemi wa shambani, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakomwambia msomaji ni nani anayesema na anajidai nini.

Mwezi Aprili 1936 aliongoza mkutano wa kwanza wa Waandishi wa Kimaendeleo huko Lakhnau. Hotuba yake, iliyouliza fasihi ina lengo gani, inasomwa hadi leo kwa Kihindi kama "Sahitya ka Uddeshya" na kwa Kiurdu kama "Adab ki Gharz-o-Ghayat". Hakuna hata nomino moja inayofanana katika majina hayo mawili, ilhali hotuba ni moja. Amrit Rai, mwanawe, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya chanzo cha mgawanyiko huu, na mjukuu wa Premchand, Alok Rai, akaandika kingine juu ya Kihindi na utaifa. Ugomvi umekuwa urithi wa familia.

Mfasiri wa Premchand basi ana swali la kwanza ambalo halimpati mfasiri wa mwandishi mwingine: atafasiri lipi? Wafasiri wengi wa Kiingereza walichukua Kihindi bila kusema neno, kwa sababu ndicho kilichokuwa dukani. M. Asaduddin aliposimamia mkusanyiko wa hadithi zote fupi, juzuu nne zilizotoka mwaka 2017, ilibidi matoleo ya lugha mbili yalinganishwe na tofauti zake zielezwe. Hiyo ni kazi ya kuchosha na hailipwi sawasawa, lakini bila hiyo mtu anaweza kukosoa tafsiri kwa kuacha aya ambayo katika chanzo chake haikuwepo.

Na mwandishi anaweza kuvuka mpaka kwa njia zisizotarajiwa kabisa. Rahi Masoom Raza, Mwislamu wa Ghazipur, alichapisha mwaka 1966 riwaya "Adha Gaon", Nusu Kijiji, juu ya Mashia wa kijiji chake cha Gangauli. Ilichapishwa kwa Devanagari, na wahusika wake husema Kiurdu kilichochanganyika na Kibhojpuri cha shambani. Miaka ya mwisho ya 1980 mtu huyohuyo ndiye aliyeyaandika mazungumzo ya tamthilia ya televisheni ya Mahabharat, wafalme na watawa wakisema Kihindi kizito cha Kisanskriti ambacho mamilioni ya watazamaji walikiiga vibarazani. Anayedhani kwamba msamiati ni dini ya mtu atafute mahali pa kumweka Raza.

Anayefasiri riwaya kama hiyo kwa Kiswahili atajaribiwa na njia ya mkato. Kiswahili nacho kina maneno mengi ya Kiarabu. Kwa nini Mwislamu wa Gangauli asipewe Kiswahili cha Mvita chenye "aghalabu" na "maadamu", na Mhindu akapewa cha bara? Njia hiyo inavutia na haifai. "Wakati", "habari" na "kitabu" hazina harufu ya dini katika Kiswahili. Padri na shehe huzitumia sawa. Zaidi ya hapo, lafudhi ya pwani ingempeleka msomaji Mombasa, naye anatakiwa awe Ghazipur. Lililo bora ni kuacha sarufi ya wote iwe moja, kama ilivyo katika chanzo, na kuweka tofauti katika mambo machache yasiyokwepeka: salamu, viapo, majina ya ndugu, na jina la Mungu.

Hilo la mwisho peke yake linatosha kumkalisha mfasiri asubuhi nzima. Akitoka Kiswahili kwenda huko, "Mungu" wetu mmoja anayetumika msikitini na kanisani hana mwenzake wa moja kwa moja. "Ishwar" na "Bhagwan" humpeleka msemaji upande mmoja, "Khuda" na "Allah" upande mwingine. Lipo neno la katikati, "uparwala", Aliye Juu, ambalo wote hulisema wakiinua kidole. Ni neno zuri katika kinywa cha dereva wa teksi. Katika kiapo cha mahakamani au katika sala ya mama anayekufa, linasikika kama mtu anayekwepa kujulikana.

Wakalimani, wale wanaofasiri kwa mdomo, wana nafuu zaidi. Hospitalini mkalimani wa Kihindi anaweza kumhudumia mgonjwa wa Karachi, na maumivu ni "dard" kwa wote wawili, damu ni "khun", homa ni "bukhar". Mambo huharibika inapofika fomu ya ridhaa ya upasuaji. Mkalimani anayeisoma fomu ya Kihindi kwa sauti humsomea mgonjwa huyo lugha ambayo mgonjwa anaitikia kwa adabu tu. Dalili yake hujulikana: majibu yanakuwa "ji, ji" mfululizo, na hakuna swali linaloulizwa. Mwenye uzoefu huiweka fomu kando na kuieleza kwa maneno ya nyumbani, kisha humwomba mgonjwa aseme yeye mwenyewe kitakachofanyika. Kwenye karatasi atatia saini kwamba ameisoma.

Tovuti ya Rekhta, iliyoanzishwa mwaka 2013, huweka mashairi ya Kiurdu kwa hati tatu, ya Kiurdu, Devanagari na ya Kilatini, na neno likikushinda unalibonyeza upate maana. Vijana wa Delhi humsoma Ghalib hivyo, wakiwa hawajui alifu wala be. Wakiandikiana kwenye simu hutumia herufi za Kilatini, sawa na wenzao wa Lahore, na hapo ujumbe wa huyu na wa yule hautambulikani umetoka upande gani hadi mmoja aandike "shukriya" na mwingine "dhanyavad", ingawa hata kwa hayo wa Delhi wengi husema "shukriya" bila kufikiri. Mteja anayetaka matangazo yake yafasiriwe kwa ajili ya watu hao bado atamwuliza mfasiri: Kihindi au Kiurdu? Mfasiri makini hamjibu kabla ya kumwuliza na yeye maswali yake: tangazo litasomwa kwa macho au litasikika, litabandikwa mji gani, na nani atalipitisha. Likiwa la kusikika na linauza sabuni, andiko moja latosha. Likiwa ni notisi ya kodi, ni mawili, na bei ni ya kazi mbili.